YAH: Kujiondoa katika mchakato wa ajira ya Msimamizi wa Ubora na kuomba udhuru wa usaili wa pili

Tukuyu, Rungwe,
Mbeya.

12 Juni 2025

Meneja Rasilimali Watu na Utawala,
Kiwanda cha Kufungasha Parachichi,
Njombe.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua pepe yako ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, inayonialika kwenye usaili wa pili Alhamisi ijayo, tarehe 19, pamoja na jaribio la vitendo katika chumba cha kupokelea matunda. Nashukuru kwa dhati kwa heshima hiyo. Hata hivyo, baada ya kutafakari na kuzungumza na familia yangu, nimeamua kujiondoa katika mchakato huu, na hivyo sitafika kwenye usaili huo. Uamuzi huu ni wa mwisho. Nimeona niwaambie mapema, kabla wakurugenzi hawajafunga safari, ili nafasi yangu ya siku hiyo apewe mwombaji mwingine. Tulikaa benchi moja na wenzangu pale mapokezi, na najua wapo wanaoisubiri simu yenu kwa hamu.

Naomba isieleweke kwamba nimepata kazi kwingine au kwamba mshahara mliotaja haukuniridhisha. Ulikuwa mzuri kuliko ninaolipwa sasa, na nyumbani tuliujadili kwa uzito wake. Sababu yangu iko kwa wakulima ninaowahudumia.

Nilipotuma maombi mwezi Aprili, chama chetu cha msingi cha ushirika kilikuwa na watu wawili wa ugani, na mwenzangu alikuwa tayari kuishika kazi yote endapo ningeondoka. Mwishoni mwa Mei, baada ya usaili wetu wa kwanza, amelazimika kuhama na familia yake kwenda Songea. Nimebaki peke yangu, na huu ndio msimu mbaya kuliko yote wa kuwaacha wakulima. Miche ya Hass waliyoipanda mwaka 2022 ndiyo imeanza kuzaa. Wengi wao wamezoea chai na ndizi; parachichi la kuuza nje ni jambo geni kwao, na wapo waliopunguza migomba kwa sababu mimi niliwashauri hivyo. Sasa madalali wanapita vijijini na pikapu na fedha taslimu, wanataka kuchuma shamba zima kwa mkupuo, lililokomaa na lisilokomaa. Wewe unajua vizuri kuliko mimi mwisho wake: tunda lililochumwa changa haliivi, linasinyaa na kuwa kama mpira, na mnunuzi akishalipokea hilo mara moja, jina la eneo zima linaharibika.

Mama mmoja wa Kiwira, mwenye miti yake michache nyuma ya nyumba, alisikia kwamba ninakwenda Njombe akaja kuniuliza, "Mwanangu, ukiondoka, nani atatuambia siku ya kuchuma?" Sikuwa na mtu wa kumtajia. Nilijitahidi kutafuta njia ya kuyaunganisha yote mawili, kazi yenu na wajibu huu, nikaona nitawapunja pande zote. Msimamizi wa ubora anatakiwa kuwapo kiwandani wakati uleule ambao mkulima anamhitaji mtu shambani.

Nisingependa kufunga barua hii bila kutaja mambo mliyonifanyia siku ile ya tarehe 29 Mei. Nimewahi kuhudhuria usaili ambapo mwombaji huulizwa maswali matatu na kuambiwa atapigiwa simu. Ninyi mlisoma maombi yangu mpaka ukurasa wa mwisho. Nililitambua hilo pale mkuu wa kiwanda aliponiuliza kuhusu kitalu cha miche ambacho nilikuwa nimekitaja kwa mstari mmoja tu. Mlinipa muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Gari lilipochelewa Makambako nikafika baada ya saa niliyopangiwa, mlibadilisha ratiba na kunikaribisha chai kwanza.

Zaidi ya yote, naomba unifikishie shukrani kwa afisa ubora wenu mwandamizi. Usaili ulipokwisha alinichukua mpaka kwenye meza ya vipimo, akakata tunda, akakwangua nyama yake vipande vyembamba, akavipima, akavikausha, kisha akavipima tena ili nione mwenyewe drai mata inavyopatikana, yaani sehemu ya tunda inayobaki maji yakishatoka. Tunda lile halikufika asilimia 21 inayotakiwa kwa Hass, ingawa kwa macho ningesema limekomaa. Hakuwa na wajibu wa kunifundisha, maana nilikuwa mgeni ambaye huenda asingerudi. Kipimo hicho nimekwisha kuwaonyesha viongozi wa chama kwa mzani mdogo tulio nao, na wiki hii wamekubaliana kwamba hakuna shamba la mwanachama litakalochumwa kabla ya sampuli kupimwa. Amefanya kazi kubwa Rungwe bila kufika huku, na ningependa alijue hilo.

Yapo pia mambo machache ya utaratibu. Sh 90,000 mlizonitumia Jumanne kwa nauli na malazi nimezirudisha leo asubuhi kwa namba ileile zilikotoka, zote kamili. Makato ya kutuma nimeyalipa mimi. Tafadhali mhasibu athibitishe kwamba zimemfikia. Nakala za vyeti vyangu zilizothibitishwa na wakili hazina haja ya kurudishwa, ila naomba ziharibiwe pamoja na nakala ya kitambulisho changu cha taifa. Wadhamini wangu wawili nimewaarifu kwamba hamtawapigia. Na kwa kuwa nilieleza kwenye usaili kwamba ningehitaji siku 28 za notisi kwa mwajiri wangu, naomba ifahamike kuwa notisi hiyo sikuitoa. Ninaendelea na kazi yangu kama kawaida, hivyo msiwe na wasiwasi kwamba uamuzi huu umeniacha bila ajira.

Siombi mniwekee nafasi hii wala jina langu libaki kwenye orodha ya akiba. Mnahitaji mtu sasa, kabla matunda hayajazidi na makontena ya baridi hayajaanza kupishana kwenda bandarini, na ni haki mumpate aliye tayari kwa moyo wote. Ikiwa siku za usoni mtatangaza nafasi nyingine wakati hali ya huku imetulia, nitaomba upya kwa utaratibu wa kawaida kama mwombaji yeyote.

Endapo mkurugenzi au mjumbe yeyote wa jopo angependa kuzungumza nami kuhusu uamuzi huu, ninapatikana kwa namba ya simu iliyo kwenye maombi yangu. Asubuhi huwa niko mashambani ambako mtandao unasumbua, lakini kuanzia saa kumi jioni nitapokea.

Nakushukuru wewe binafsi, Ndugu Meneja, kwa kunijibu kila nilipoandika na kwa lugha ya heshima uliyoitumia tangu tangazo la kazi mpaka mwaliko huu. Ninawatakia usaili mwema tarehe 19 na msimu mzuri wa mavuno.

Wako mtiifu,

Atupele,
Mwombaji wa nafasi ya Msimamizi wa Ubora