Barua kwa Baba Paroko Msaidizi: ombi la kumtembelea mgonjwa nyumbani

Kilema, Moshi Vijijini
8 Februari 2026

Kwa Baba Paroko Msaidizi,
Kupitia kwa Mwenyekiti wa Jumuiya na Katekista.

YAH: KUMTEMBELEA MAMA APOLONIA, MGONJWA WA KITANDANI, KWA KITUBIO, KOMUNYO NA MPAKO WA WAGONJWA

Baba, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Filomena, mkaza mwana wa Mama Apolonia. Pengine sura yangu unaikumbuka kuliko jina, maana Jumapili hukaa upande wa WAWATA, benchi la nyuma karibu na mlango, ili nikipigiwa simu kutoka nyumbani nitoke bila kuwasumbua watu. Mama mwenyewe hujapata kumwona. Ulipohamia kwetu alikuwa ameshalala kitandani, na ndiyo maana naandika kirefu kidogo.

Mama ana miaka 82. Mwezi wa tisa mwaka jana presha ilimpanda, akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Alilazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na tangu hapo hajakanyaga chini. Kukaa anakaa, tukimwegemeza kwa mito. Kila baada ya saa mbili tunamgeuza, mchana na usiku, kwa sababu ya vidonda vya mgongoni. Kimoja tulikuja nacho toka wodini, sasa kinakauka. Chakula chake ni mtori uliopondwa ukalainika kabisa, uji wa ulezi na maziwa. Akili yake ni nzima, Baba. Hilo naliweka wazi kwa sababu wageni wengi wakiingia huanza kuongea na mimi juu yake kama vile hayupo, naye anasikia kila neno, na wakishatoka hununa mpaka jioni.

Anachokililia ni Komunyo. Mwanamke huyu alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare kwa miaka ambayo hata yeye hajui hesabu yake. Alifunga ndoa hapo hapo kanisani mwaka 1962. Baba yake mzazi alifundishwa katekisimu na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, na ukimpata katika siku nzuri atakukumbusha kwamba mapadre walifika Kilema mwaka 1890, kabla ya kwenda Kibosho, na hilo watu wa Kibosho wasijaribu kulibisha mbele yake. Ijumaa ya kwanza ya mwezi akisikia pikipiki barabarani huniambia nimtandikie shuka jeupe. Juzi tarehe 6 alifanya hivyo tena. Pikipiki ikapita.

Usidhani parokia imemsahau. Jina lake halikupelekwa kwenye orodha ya wagonjwa, na aliyezuia ni sisi wenyewe nyumbani. Mwaka 2009 baba mkwe alipougua, padre aliitwa usiku, mzee akiwa tayari siku kadhaa hatambui mtu. Alipakwa mafuta, na kabla ya alfajiri akawa ameaga. Shemeji yangu mkubwa alikuwa amesimama pale mlangoni. Tangu siku ile, kwake yeye padre akiingia na kichupa cha mafuta maana yake ni kwenda kununua mbao za jeneza. Mama alipotoka hospitali, shemeji alisema wazi mbele ya ukoo: "Padre aje kusali tu, lakini mpako wa mwisho hapana, mtamuua mama kwa hofu."

Mimi nimejaribu. Nimemwambia mzee hakufa kwa sababu padre alikuja, bali padre aliitwa kwa sababu mzee alikuwa anakufa, na tulichelewa kumwita. Katekista naye alikuja akatueleza kwamba tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano Kanisa linauita Mpako wa Wagonjwa, kwamba haungoji roho ifike kooni, na kwamba mtu akipata nafuu kisha akaugua tena anaweza kupakwa tena. Shemeji akamsikiliza kwa heshima, akammiminia chai nyingine, halafu akasema katekista si padre. Hapo tukakwama. Na mimi ni mke tu katika boma hili. Siwezi kushindana na mtoto wa kwanza juu ya mama yake mzazi.

Ila mgonjwa ndiye mwenye ombi, na yeye ameshaamua. Wiki iliyopita nilimuuliza mbele ya mwenyekiti wa jumuiya kama anataka mafuta au Komunyo peke yake. Alinyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akajigusa kipaji cha uso, kisha akageuza kiganja juu, pale pale padre anapopaka. Mwenyekiti alishuhudia, na saini yake iko chini ya barua hii.

Kwa hiyo ombi langu lina sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo ngumu. Shemeji anakuja kutoka Dar Ijumaa jioni na anarudi Jumapili. Naomba kama itawezekana uje Jumamosi tarehe 14, na kabla ya kuingia kwa mama ukae naye kidogo pale nje, umweleze mwenyewe. Usimwambie kwamba nimemsema. Mwambie tu yale aliyoyasema katekista, kwa mdomo wako. Si mtu mbaya. Dawa zote za presha na nepi za mama ni fedha yake, na kila siku jioni anapiga simu nimwekee mama sikioni. Anaogopa tu. Jumamosi ikishindikana basi Jumanne tarehe 17, yeye akiwa hayupo, na mimi nitabeba lawama. Nisingependa tuvuke hapo, kwa sababu tarehe 18 ni Jumatano ya Majivu, na Kwaresima ina jambo lake ambalo nitalieleza.

Sehemu ya pili ni mgonjwa mwenyewe, na yafuatayo ni vizuri uyajue kabla hujafika.

Kiharusi kimempa ulimi mzito, na Kiswahili kimemtoroka. Akichoka anaongea Kivunjo kitupu, tena nusu nusu. Najua wewe si mtu wa huku. Kuna waliosema tumwombe yule padre wa Rombo aje badala yako, lakini Kirombo na Kivunjo si kitu kimoja, wangeishia kutabasamiana. Nikamuuliza katekista habari ya kitubio. Akasema mkalimani anaruhusiwa, mradi naye afungwe na siri ile ile, na kwamba mtu asiyeweza kusema anaweza kuonyesha toba yake kwa ishara. Baba, nakuomba mkalimani nisiwe mimi. Mkaza mwana kutafsiri dhambi za mama mkwe wake, nusu ya hizo pengine zinanihusu mimi, hapana. Yeye anaelewa Kiswahili chote unachomwambia, kinachomshinda ni kukitoa. Ukimuuliza polepole, atafumba jicho mara moja kwa ndiyo, na kwa hapana atasukuma mkono wako. Sisi tutatoka wote mpaka uani.

Kaa upande wake wa kushoto. Nitakuwekea kigoda pale. Ukisimama kulia hakuoni vizuri, na huo mkono wa kulia ukiugusa ghafla anaumia begani.

Komunyo naomba iwe kipande kidogo sana, hata robo ya hostia. Maji matupu humpalia, tulishapata hofu kubwa mara kadhaa, kwa hiyo usimpe maji baada ya kupokea. Nitakuwa na kikombe cha uji mwepesi na kijiko, nitamsindikizia kwa huo, akiwa amekaa wima na kidevu amekiinamisha kidogo kama nesi alivyotuonyesha. Inachukua muda. Akishameza atakufumbulia mdomo uone, usishangae, tumemzoesha hivyo kwenye dawa.

Meza nitaiandaa: kitambaa cheupe, msalaba wake wa ndoa, mishumaa miwili, na maji ya baraka yapo. Saa nzuri ni saa nne asubuhi. Kwa wakati huo ameshaogeshwa, kidonda kimesafishwa, amekula na hajameza zile dawa za mchana zinazomlaza. Kuhusu kula kwanza, yeye bado anashikilia kwamba asionje kitu kabla ya Komunyo. Ukimwambia wewe kwamba wagonjwa hawafungwi na ile saa moja atakubali, mimi hanisikilizi.

Na hapo ndipo lilipo jambo la Kwaresima. Ameshaniarifu, kwa vidole, kwamba kuanzia Majivu atakula mara moja kwa siku kama alivyofanya maisha yake yote. Amebaki mifupa, Baba. Akiacha mlo mmoja tu siku ya pili sukari inashuka na anaanza kutetemeka. Nimemweleza kwamba sheria ya kufunga haimbani mtu aliyetimiza miaka 59, sembuse mgonjwa, akanitazama kama ninayemjaribu jangwani. Naomba umpe amri, si ushauri, na umpangie sadaka nyingine ya kufanya akiwa amelala. Rozari kwa ajili ya wajukuu itamtosha, wako wengi na kila mmoja ana kesi yake. Majivu yenyewe katekista amesema ataniletea siku ile ile.

Jumuiya wanataka kuja wote na kuimba. Nawapenda, lakini chumba ni kidogo, na watu wengi wanamchosha mpaka presha inapanda. Nimeomba waje wanne tu na wengine wakae uani. Wimbo mmoja mwishoni, basi. Atajaribu kuimba sauti ya pili na itatoka vibaya. Tafadhali msinyamaze ghafla mkimsikia, endeleeni.

Njia: ukishuka kutoka parokiani pikipiki iache dukani, pale barabara ya gari inapoishia, mwenye duka anajua na atakuangalizia. Toka hapo ni kijia cha kando ya mfereji, kinateleza hata kama mvua haijanyesha, uje na viatu vya shamba. Ni boma la tatu, lenye masale pande zote mbili za njia. Mwanangu Desideri atakusubiri dukani kuanzia saa tatu na nusu. Mbwa atafungwa.

Kadi ya zaka ya mama naiambatanisha, imelipwa mpaka Desemba. Si kwamba uliiuliza. Ni yeye aliyesema barua isiende bila kadi.

Jibu unaweza kumpa katekista, namba yangu anayo. Na ukimaliza usikimbie, Baba, chai na maziwa vitakuwepo, na shemeji naye atahitaji mtu wa kuongea naye.

Wako katika Kristo,

Filomena
Mwanajumuiya na mwana WAWATA

Nimeisoma barua hii na ninathibitisha yaliyomo, pamoja na ombi la mgonjwa ambalo nililishuhudia mwenyewe.
Mwenyekiti wa Jumuiya (saini)