Nafasi na Thamani ya Tarakimu: Karatasi ya Kazi, Gredi ya 5

Andika majibu yote katika daftari lako la hisabati. Karatasi hii usiiandike kitu, maana kesho inakwenda kwa wenzako wa Gredi ya 5 Mashariki.

Maswali ya mwanzo ni mepesi, na nimeyafanya hivyo makusudi. Ukiyamaliza upesi, endelea mbele usimngoje mtu. Ya mwisho yana miiba. Huko hata ukifanya mawili tu ukaeleza vizuri ulivyofikiri, nitaridhika. Ukikwama popote, chora jedwali lenye safu za maelfu, mamia, makumi na mamoja, uitie nambari yako humo kabla ya kuniita.

Kumbuka mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Nafasi ni mahali tarakimu ilipokaa. Thamani ni kiasi inachosimamia ikiwa imekaa pale. Katika 472, tarakimu 7 iko katika nafasi ya makumi, na thamani yake ni 70. Kwa hiyo ukiulizwa nafasi, jibu kwa neno. Ukiulizwa thamani, jibu kwa nambari.

A. Kuamsha akili

1. Katika 36, ni tarakimu gani iliyo katika nafasi ya makumi?

2. Thamani ya 8 katika 85 ni ngapi?

3. Makumi 4 na mamoja 9 ni nambari gani?

4. Mamia 2, makumi 6 na mamoja 1 ni nambari gani?

5. Katika 274, tarakimu iliyo kubwa kuliko zote ni 7. Je, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote? Eleza kwa sentensi moja.

B. Sufuri

Sufuri peke yake si kitu, lakini ukiitoa katikati ya 408 unabaki na 48, na shilingi 360 zimepotea. Kazi yake ni kushika nafasi ambayo haina mwenyewe.

6. Nambari 352 ikipanuliwa ni 300 + 50 + 2. Panua 408, kisha 6,070.

7. Andika kwa tarakimu, kisha panga kuanzia ndogo hadi kubwa: elfu tatu na arobaini, elfu tatu na nne, elfu tatu na mia nne.

8. Mwanafunzi mmoja aliambiwa aandike elfu tatu na arobaini, akaandika 300040. Hakubahatisha, kuna jambo alilofikiri. Ni lipi? Mwandikie sentensi mbili za kumsaidia, bila kumcheka.

9. Katika 5,050 kuna tarakimu 5 mbili. Thamani ya ile ya kushoto ni mara ngapi ya thamani ya ile ya kulia?

C. Sokoni Kibuye

Katika sehemu hii tunatumia noti za shilingi 1,000 na 100, na sarafu za shilingi 10 na 1 pekee. Noti za 500, 200 na 50 ziache mfukoni, pamoja na sarafu za 5 na 20. Sokoni zinafaa sana, lakini hazipandi kwa kumi kumi kama nafasi za tarakimu zinavyopanda. Hizi nne tulizochagua, kila moja ni sawa na kumi za ile iliyo chini yake.

10. Mama muuza omena ana noti 2 za 1,000, noti 6 za 100 na sarafu 4 za 10. Ana shilingi ngapi?

11. Jioni anahesabu tena: noti 3 za 1,000, noti 14 za 100, sarafu 7 za 10 na sarafu 5 za 1. Andika jumla. Jihadhari, hakuna nafasi inayobeba 14.

12. Mteja ananunua mbuta mkubwa kwa shilingi 2,300. Akilipa kwa noti za 100 pekee, atatoa noti ngapi? Na akilipa kwa sarafu za 10 pekee?

13. Onyesha njia tatu tofauti za kulipa shilingi 1,230.

14. Muuza mboga ana noti 4 za 1,000 na sarafu 2 za 1, hana kingine. Anataka kuingia choo cha soko, ambacho ni shilingi 10. Eleza hatua kwa hatua ni noti ipi ataivunja na atapewa nini, mpaka apate sarafu ya 10 ya kulipa. Atabaki na noti na sarafu zipi?

Swali la 14 lisikutishe. Usiruke hatua hata moja: noti ya 1,000 haivunjwi moja kwa moja kuwa sarafu za 10 katika mchezo huu. Lazima ipitie kwa mia.

D. Nambari za kwetu

15. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Kisumu mwaka wa 1901. Katika 1901, tarakimu 1 imetokea mara mbili. Tofauti ya thamani zake ni ngapi?

16. Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Elgon, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Ukizipanga upya tarakimu hizo nne, unaweza kupata nambari kubwa kuliko 4,321? Kwa nini? Sasa tafuta nambari kubwa kuliko zote kati ya zile zilizo chini ya 4,321, kwa kutumia tarakimu zilezile.

Maswali yanayofuata yanatumia idadi ya watu katika kaunti tano, kama ilivyopatikana katika sensa ya mwaka wa 2019. Kumbuka kwamba laki moja ni 100,000, na malaki kumi ni milioni moja.

| Kaunti | Idadi ya watu |
|---|---|
| Vihiga | 590,013 |
| Busia | 893,681 |
| Siaya | 993,183 |
| Kisumu | 1,155,574 |
| Nakuru | 2,162,202 |

17. Msomee jirani yako idadi ya Vihiga kwa sauti, naye aiandike kwa tarakimu bila kuangalia karatasi. Alipata sawa? Kama hakupata, ni sufuri ipi iliyomponyoka?

18. Katika idadi ya Kisumu, tarakimu 5 imetokea mara tatu. Andika thamani ya kila moja, kisha uzijumlishe.

19. Katika idadi ya Busia kuna 8 mbili. Ile ya kushoto ni mara ngapi ya ile ya kulia?

20. Toa kiasi kimoja kutoka kwa idadi ya Nakuru ili 6 igeuke sufuri na tarakimu nyingine zisiguswe. Utatoa ngapi?

21. Tuseme watu elfu kumi wanahamia Siaya. Idadi mpya itakuwa ngapi? Ni tarakimu zipi zimebadilika, na zipi zimebaki zilivyo?

E. Yenye miiba

22. Una kadi tano: 0, 3, 5, 8 na 9. Ukizitumia zote, tengeneza nambari ya tarakimu tano iliyo kubwa kuliko zote, iliyo ndogo kuliko zote, na iliyo karibu zaidi na 50,000. Nambari haianzi na sufuri.

23. Mimi ni nambari ya tarakimu nne. Tarakimu yangu ya makumi ni mara mbili ya ile ya mamoja. Ile ya maelfu ni pungufu ya ile ya mamoja kwa 1. Kwenye mamia nina sufuri. Ukijumlisha tarakimu zangu zote unapata 11. Mimi ni nani?

24. Karani wa ghala la mahindi alipigiwa simu akaambiwa, "Andika kilo elfu ishirini na tano." Akaandika 25,000. Aliyepiga simu alikuwa na maana ya 20,005. Nani amekosa? Andika namna ya kutamka kila moja ya nambari hizo mbili ili msikilizaji asiweze kukosea.

25. Nambari ya tarakimu tatu ina 4 katika nafasi ya makumi. Tarakimu ya mamia na ya mamoja zikibadilishana nafasi, nambari inaongezeka kwa 198. Tafuta nambari zote za namna hiyo. Kisha eleza kwa nini 4 ile ya katikati haina neno lolote katika hesabu hii.

Ukurasa wa mwalimu

Mwalimu mwenzangu, ng'oa ukurasa huu kabla ya kugawa karatasi.

Sehemu A: 3; 80; 49; 261. La 5: hapana, 2 ina thamani ya 200 ilhali 7 ina 70. Anayekosa la 5 bado anasoma tarakimu moja moja kana kwamba hazijuani, na haitamfaa kuendelea na B kabla hujakaa naye.

Sehemu B: 400 + 8 na 6,000 + 70. La 7 ni 3,004, kisha 3,040, kisha 3,400. La 8: aliandika 3000 akabandika 40 mbele yake, yaani aliandika alivyosikia. Msifu kwa kusikia vizuri, halafu umwonyeshe kwamba 40 inaingia ndani ya sufuri za 3,000. La 9 ni mara 100. Wengi watasema mara 10 kwa sababu wameona sufuri moja katikati. Waambie wahesabu hatua, maana kutoka makumi hadi maelfu ni hatua mbili.

Sehemu C: 2,640, 4,475, noti 23, au sarafu 230. La 13 lina majibu mengi: noti 12 za 100 na sarafu 3 za 10, au sarafu 123 za 10, au noti 11 za 100 na sarafu 13 za 10. Kubali yoyote inayofika 1,230. La 14 ndilo ningelilinda hata kama kipindi kimebakiza dakika kumi. Noti moja ya 1,000 inakuwa noti 10 za 100; moja ya hizo inakuwa sarafu 10 za 10; moja inalipwa. Zinabaki noti 3 za 1,000, noti 9 za 100, sarafu 9 za 10 na sarafu 2 za 1, yaani 3,992. Mwanafunzi akilishika hili kwa noti za karatasi, ule utaratibu wa kukopa katika kutoa hautakuwa tena uchawi kwake.

Sehemu D: 999. La 16: haiwezekani, kwa sababu tarakimu zimeshapangwa kutoka kubwa hadi ndogo, inayofuata chini ni 4,312. La 17: laki tano, tisini elfu, na kumi na tatu, sufuri inayoponyoka mara nyingi ni ya mamia. La 18: 50,000, 5,000 na 500, jumla 55,500. La 19: mara 10,000. La 20: 60,000. La 21: 1,003,183. Nafasi ya malaki na ya makumi elfu zote zimegeuka sufuri, na 1 imezaliwa kwenye mamilioni, 3,183 haikuguswa.

Sehemu E: 98,530; 30,589; 50,389. La 23 ni 2,063. La 24 halina mkosaji, maneno yenyewe yanabeba nambari zote mbili. "Ishirini na tano elfu" na "elfu ishirini, na kilo tano" yanaondoa utata. Mwanafunzi akileta namna nyingine iliyo wazi, mpe alama. La 25 ni 143, 244, 345, 446, 547, 648 na 749. Tarakimu moja ikihama kutoka mamoja hadi mamia inaongezeka mara 100, hivyo kila tofauti ya 1 kati ya mamia na mamoja huleta badiliko la 99. 198 inahitaji tofauti ya 2. Nne ya katikati haikuhama, ni 40 kabla na 40 baadaye. Atakayepata nambari mbili au tatu tu, muulize kama anaweza kuthibitisha kwamba hakuna nyingine, kisha umwache nalo.