Mama mdogo, maelezo ya sindano ya Bibi haya hapa kwa Kiswahili

Shikamoo mama mdogo. Ile karatasi ya kwenye boksi la insulini uliyonipigia picha nimeisoma yote, iko kwa Kiingereza kitupu na maandishi kama ya sisimizi, nimekaa nakuandikia kwa namna tunavyowafundisha watu wodini. Soma taratibu, umsomee na Bibi, anaelewa sana yule.

Kwanza bomba, maana hapa ndo wengi wanakosea. Nimelikuza kwenye picha, ni la ml 1, na kwenye hilo kila kijistari ni yuniti 2, sio 1. Bibi ameandikiwa 14 asubuhi na 8 jioni. Kwa hiyo asubuhi unapita 10 halafu vijistari viwili, na jioni ni kile kijistari kimoja kabla ya 10. Ukihesabu vijistari 14 utakuwa umempa mara mbili ya dawa yake, sukari itashuka vibaya. Na siku ukipewa mabomba madogo ya nusu ml usichome kwanza, nipigie, kule kijistari kimoja ni yuniti 1.

Sasa kuchoma. Nawa mikono kwa sabuni. Insulini yake ni ile ya kuchanganywa, ikikaa unga unatuama chini na maji yanabaki juu, basi kiviringishe kichupa katikati ya viganja kama mara 10 au 20 mpaka kiwe cheupe chote sawasawa kama maziwa. Usikitikise, povu linaharibu kipimo. Ukiona mabonge au chembe zimeng'ang'ania pembeni hata baada ya kuviringisha, hicho weka pembeni usitumie. Futa mpira wa juu na pamba ya spiriti, vuta hewa sawa na dozi, ingiza ile hewa kwenye kichupa, kigeuze juu chini halafu vuta dawa. Ukiona mapovu gonga bomba kwa kidole yapande juu, yasukume yarudi, vuta tena mpaka mstari wako.

Shika ngozi kwa dole gumba na cha shahada, ngozi na mafuta tu, usikamate nyama ya ndani. Bibi amekonda siku hizi kwa hiyo ingiza sindano kwa kulala kidogo, sio wima kabisa. Sukuma polepole mpaka mwisho, hesabu moja mpaka kumi, ndo uchomoe. Usisugue. Na chakula kiwe kinakaribia kuiva, anakula nusu saa baada ya sindano, siku hana hamu ya kula au anatapika nipigie kabla hujachoma.

Sasa lile jambo linaloniumiza. Nilipokuja nilimshika tumbo, upande wa kushoto wa kitovu kuna kinundu kigumu kama kokwa ya embe dogo, kwa sababu mnachoma palepale kila siku kwa kuwa hapaumi. Hapaumi kweli, lakini dawa ikiingia pale hainyonywi vizuri, leo sukari juu kesho chini, na mnadhani ni ugali. Pale pasiguswe tena. Gawa tumbo mara nne kama mkate, vidole vitatu mbali na kitovu, wiki hii robo ya juu kulia, wiki ijayo ya chini kulia, na kila siku sogea upana wa kidole. Robo yenye kinundu iruke, badala yake tumia paja kwa nje. Ila ukihamia ngozi nzima dawa itafanya kazi zaidi, sukari inaweza kushuka, kwa hiyo wiki hizi pima mara nyingi na uwaambie kliniki. Akitoka jasho, akitetemeka au akiongea ovyo mpe haraka sukari vijiko vya chai 4 kwenye maji au soda nusu glasi, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimwekee kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kuhifadhi: vichupa ambavyo havijafunguliwa viwe kwenye friji la jirani rafu ya kati, kamwe sio friza, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Kilichofunguliwa unaweka kwenye kopo lenye mfuniko, ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini, mbali na jiko. Kimefunguliwa tarehe 7 Machi, mwisho wake 4 Aprili, wiki 4. Dawa itabaki, usiionee huruma, mwaga.

Sindano moja mara moja, zilizotumika weka kwenye galoni gumu lenye mfuniko, likijaa nusu na robo rudisha kliniki.

Kesho saa 12 asubuhi nitakupigia video, nikuone unavyovuta hiyo 14.