Nauza ludo ya mbao iliyotumika, nyuma ina nyoka na ngazi

Tumeichezea miaka miwili, sasa watoto wamekua na wamehamia kwenye simu. Ubao unakunjwa katikati, bawaba bado zimekaza. Rangi imefifia kidogo kwenye nyumba ya kijani (ndiyo iliyokuwa ikigombewa), lakini njia zote zinaonekana vizuri.

Nimezihesabu kete jana usiku: nyekundu 4, njano 4, kijani 4, bluu 3. Ya nne ilipotea, mahali pake tunatumia kifungo cha shati cha bluu, nakupa nacho. Dadu zipo 2, moja imemeguka pembeni ila inabingirika sawasawa. Kikombe cha kutikisia kipo. Boksi lake lilichanika, utaipata kwenye mfuko wa kitambaa.

Inafaa kuanzia miaka 6, wachezaji 2 hadi 4. Watu wazima nao hugombana vizuri tu.

TAHADHARI: Kete na dadu ni ndogo, zinaingia mdomoni na zinaweza kumkaba mtoto. Usimpe aliye chini ya miaka 3, na ukimaliza kucheza zihesabu kabla hujafunga mfuko.

Bei tutaelewana. Nitumie ujumbe hapahapa.