Ratiba ya siku: duka la Limbani, Wete

Hii ni ratiba ya duka na nyumba kwa pamoja. Inabandikwa nyuma ya mlango wa stoo, tuifuate sote watatu: mimi, mama watoto na mpwa wangu anayenisaidia kuuza. Nyakati za sala zikisogea, nasi tutasogeza.

Saa 11:00 alfajiri. Kuamka na sala. Kutoka msikitini ni moja kwa moja dukani.

Saa 12:00 – 3:00 asubuhi. Kufungua. Boflo zihesabiwe mbele ya aliyezileta, na zilizolala jana arejeshewe hapo hapo. Mizani ifutwe vumbi, mshale uwe kwenye sifuri kabla ya kupima chochote. Wateja wa saa hizi ni watoto wanaotumwa kabla ya skuli: sukari robo, majani ya chai, kibiriti. Kwa hiyo kopo la chenji liwe na sarafu za mia, mia mbili na mia tano tangu usiku. Mtoto asipewe peremende badala ya chenji. Mama yake anaijua hesabu aliyomtuma nayo.

Mpwa wangu anaingia saa 1:30. Hapo nakwenda nyumbani kunywa chai, nikiwa nimekaa kitako.

Saa 3:00 – 6:00 mchana. Kujaza duka. Jumatatu na Alhamisi nakwenda kununua kwa wauzaji wa jumla hapa Wete. Mara moja kila wiki mbili napanda gari ya 606 kwenda Chake kwa vile visivyopatikana huku. Tunanunua kilichoandikwa kwenye karatasi ya upungufu tu, na kitu kinaandikwa pale zinapobaki pakiti tatu, kabla hakijaisha.

Siku nyingine saa hizi ni za kupanga: mzigo wa zamani mbele, mpya nyuma. Magunia ya mchele yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na masika tuyakague kila siku.

Saa 6:00 – 9:45 mchana. Duka limefungwa. Adhuhuri, chakula na watoto wakirudi skuli, kisha kulala. Saa hizi mtaa mzima umejifungia ndani, na mauzo tunayoyakosa hayafiki thamani ya mwili uliopumzika. Anayebisha hodi nyumbani kutaka sabuni aambiwe kwa upole asubiri alasiri, isipokuwa kuna mgonjwa au msiba. Ijumaa tunafunga saa 5:30.

Saa 10:00 – 12:00 jioni. Watoto wako chuoni kusoma Kurani, wateja wengi: unga, mafuta, mchele wa chakula cha usiku. Tunauza wawili. Magharibi tunafunga.

Saa 12:45 – 2:30 usiku. Mpwa wangu na mimi, kwa zamu wakati wa Isha.

Saa 2:30 – 3:00 usiku. Daftari. Nusu saa hii haiahirishwi hata siku moja. Kwanza pesa za droo, halafu pesa za simu, kisha tunalinganisha na mauzo tuliyoandika. Vilivyochukuliwa nyumbani viandikwe pia, hata yai moja, kwa sababu vinakula mtaji kama deni lolote.

Bei ya kila mzigo mpya ipigiwe hesabu usiku huo huo. Mfano ni sukari ya juzi: mfuko wa kilo 50 kwa 130,000, usafiri 2,000, jumla 132,000. Tukikadiria kilo moja kumwagika na kupotea kwenye kupima, zinabaki robo 196. Kwa 700 kila robo tunapata 137,200, yaani faida ya 5,200 kwa mfuko mzima. Sasa fikiria robo nane tu zilizokopwa zisilipwe: 5,600, na faida yote imekwenda.

Ndiyo maana deni lina kikomo cha 15,000 kwa nyumba. Liandikwe tarehe, kitu na kiasi, na mwenyewe asomewe kabla hajaondoka. Msimu wa karafuu wachumaji wanaosubiri malipo ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, tutawaongezea hadi 30,000, kwa ahadi ya siku. Kudai nitadai mimi, faraghani, kamwe si mbele ya wateja wengine.

Pesa ya mzigo inaingia kwenye bahasha yake. Ya nyumbani anakabidhiwa mama watoto usiku huo huo.

Saa 3:00 – 4:30 usiku. Nyumbani. Chakula, daftari za skuli za watoto, mazungumzo. Habari za duka zimeishia kwenye kufuli. Saa 4:30 taa zizimwe.

Jumapili alasiri mpwa wangu anauza peke yake hadi Magharibi. Mimi na mama watoto tunakwenda na watoto kuwatembelea wazee.

Ramadhani tunafungua saa 2:00 asubuhi, tunafunga saa 11:30 jioni kwa futari, na daftari linafanywa baada ya tarawehe.