Saa zangu za kazi na muda wa kujibu

Dada Rehema,

Salamu kutoka huku. Baada ya ule mkanganyiko wa Jumanne, ambapo niliandika "saa tatu usiku" nikimaanisha 21:00 nawe ukasubiri 03:00, naona tuandike saa kwa tarakimu tu.

Nafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, 13:00–21:00 Afrika Mashariki, yaani 06:00–14:00 kwako Toronto. Kwa simu, nipigie 09:00–13:00 yako. Kwangu ni 16:00–20:00.

Barua pepe ikifika ndani ya saa zangu za kazi, nitajibu ndani ya saa 2. Ikifika baadaye, utapata jibu kabla ya 08:00 yako (15:00 yangu) siku ya kazi inayofuata. Ya Ijumaa jioni, basi Jumatatu. Tovuti ikizimika kabisa, tuma ujumbe wa simu wenye neno DHARURA, hata usiku nitaamka. Rangi ya kitufe si dharura, dada yangu!

Jumapili ya kwanza ya Novemba mnarudisha saa nyuma, sisi hatubadilishi. Kuanzia hapo 13:00–21:00 yangu itakuwa 05:00–13:00 yako, na simu mwisho 12:00 yako.

Kama saa hizi zinakubana, niambie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Juma