Mkaguzi wa Usiku: anachofanya, asichofanya kamwe, na nani wa kuambiwa

Maelezo haya yameandaliwa na Kitengo cha Mifumo kwa ajili ya wafanyakazi wenzetu wa mauzo, ghala, hesabu na huduma kwa wateja. Kuyaelewa hakuhitaji ujuzi wa kompyuta zaidi ya ule mnaoutumia kila siku kuingiza oda na kutoa ankara. Tumeyaandika kwa sababu maswali mengi yanayofika dawatini kwetu yanatokana na hofu mbili: kwamba programu hii hubadilisha kazi za watu wakiwa wamelala, na kwamba imewekwa kuwachunguza. Hofu zote mbili hazina msingi, na hapa chini tunaeleza kwa nini. Lipo hata hivyo jambo la tatu linalotusumbua zaidi kuliko hizo, nalo ni imani kwamba ripoti ikitoka safi basi hakuna kosa lolote katika kumbukumbu za jana.

Mkaguzi wa Usiku ni programu inayoanza kazi yenyewe kila siku saa 7:00 usiku, baada ya vitabu vya siku kufungwa saa 6:00 usiku. Husoma kila kilichoingizwa siku hiyo katika madaftari matatu ya mfumo, yaani oda, mapokezi na utoaji wa ghala, na malipo, kisha hulinganisha daftari moja na jingine kwa kufuata kanuni zilizoandikwa na kuidhinishwa na wakuu wa vitengo husika. Ripoti huwa tayari saa 12:00 asubuhi. Saa zinazoonekana ndani ya ripoti ni za kompyuta, kwa hiyo 01:14 ni saa saba na dakika kumi na nne usiku, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi. Tunalitaja hili kwa sababu limewahi kusababisha watu kutafuta kosa katika zamu isiyokuwa yake.

Anachofanya

Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kisichowezekana. Tarehe 29 Februari 2026 haipo kwenye kalenda, mzigo hauwezi kupokelewa kabla haujaagizwa, na ankara haiwezi kuwa na jumla isiyolingana na mistari yake. Makosa ya aina hii ni rahisi kwa kompyuta kuyaona na ni magumu kwa jicho lililochoka mwisho wa siku.

Kazi ya pili ni kutafuta kisicholingana. Ikiwa oda inasema katoni 40, hati ya mapokezi inasema 44, na malipo yamefanywa kwa 40, Mkaguzi ataandika kwamba madaftari hayakubaliani. Hataandika nani amekosea, kwa sababu hajui. Huenda msambazaji aliongeza katoni nne kufidia zilizoharibika safari iliyopita, na mtu wa ghala ameingiza kwa usahihi kabisa kile alichokihesabu kwa mikono yake.

Huangalia pia namba za msimbopau. Namba ya kawaida ya bidhaa ina tarakimu 13, na ile ya mwisho hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya zile 12 zilizoitangulia, hivyo mtu akikosea tarakimu moja tu, hesabu haitoki na kosa hujulikana. Akibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, kosa hujulikana mara nyingi, lakini si pale tofauti kati ya tarakimu hizo ikiwa 5, kama ilivyo kwa 1 na 6 au 2 na 7. Kwa sababu hiyo tunawasihi wenzetu wa ghala waendelee kutumia skana badala ya kuandika namba kwa mkono, hata pale foleni inapokuwa ndefu.

Mwisho hukagua nakala rudufu. Baada ya kumbukumbu za siku kunakiliwa kwenda seva ya pili, Mkaguzi hukokotoa alama ya faili la asili na alama ya nakala yake, kila moja ikiwa na herufi na tarakimu 64, kisha huzilinganisha. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, nakala si sawa na asili na Kitengo cha Mifumo hupata taarifa papo hapo. Ulinganifu huo unathibitisha kwamba nakala ni sahihi, lakini hauthibitishi kwamba tunaweza kuirejesha mfumo ukianguka. Jaribio la kurejesha hufanywa na watu wa kitengo chetu kila mwezi.

Taarifa moja katika ripoti huonekana hivi:

```
HALI: ANGALIA
Kumbukumbu: oda 40172
Kanuni: K-07 mapokezi yanazidi oda
Imekaguliwa: 01:14
```

Juu kabisa ya ripoti kuna neno moja la hali ya jumla. SAWA maana yake ni kwamba kanuni zote zimepitiwa na hakuna kilichojitokeza. ANGALIA maana yake ni kwamba kuna jambo moja au zaidi linalohitaji mtu kulitazama. HAIKUKAMILIKA maana yake ni kwamba Mkaguzi alianza lakini hakumaliza, na kwa hiyo hata mistari iliyo chini yake isichukuliwe kuwa picha ya siku nzima.

Asichofanya kamwe

Mkaguzi hafuti, harekebishi na haongezi chochote. Hili halitegemei nia njema ya programu wala ya walioitengeneza: akaunti anayoitumia kuingia kwenye mfumo imepewa ruhusa ya kusoma tu, na mfumo wenyewe hukataa amri yoyote ya kuandika itokayo kwenye akaunti hiyo. Mahali pekee anapoweza kuandika ni katika faili la ripoti yake. Basi ukikuta asubuhi kwamba oda uliyoiingiza jana imebadilika, Mkaguzi si maelezo ya kutosha, na tafadhali usikubali kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Ipo kumbukumbu ya mabadiliko inayoonyesha akaunti iliyofanya badiliko na saa lilipofanyika, na tutaifungua kwa ajili yako.

Hazuii malipo, hasimamishi mzigo na hawasiliani na mteja wala msambazaji. Oda yenye alama ya ANGALIA inaweza kuendelea kutoka ghalani kama kawaida hadi mtu mwenye mamlaka aamue vinginevyo.

Hasomi barua pepe, jumbe, wala mafaili yaliyo kwenye kompyuta yako. Hapimi kasi ya kazi, na ripoti yake haina jina la aliyeingiza kumbukumbu. Tuliliondoa jina hilo kwa makusudi, baada ya kujadiliana na wakuu wa vitengo, kwa sababu mtu anayeogopa kuonekana kwenye orodha huanza kuficha makosa, na kosa lililofichwa ndilo linalotugharimu. Msimamizi akitumia ripoti hii kama kipimo cha utendaji wa mtu, anaitumia kinyume na kilichokubaliwa, na tunaomba tujulishwe.

Hatumi kamwe ujumbe wenye kiungo cha kubofya, na haombi nywila. Ripoti hupatikana sehemu moja tu, ndani ya mfumo, chini ya kitufe cha Ripoti. Barua pepe yoyote inayojiita Mkaguzi wa Usiku na kukutaka "uthibitishe akaunti" ni ya udanganyifu, hata kama ina nembo yetu na imeandikwa kwa lugha nzuri.

Jambo jingine asiloliweza, na hapa tunaomba msome taratibu: hawezi kujua ukweli ulioko nje ya madaftari. Mteja akiomba vipande 15 kwa simu nawe ukaandika 50, ghala likatoa 50 na malipo yakafanywa kwa 50, madaftari yote matatu yatakubaliana na ripoti itasema SAWA. Kanuni hazina masikio ya kusikia simu ile. Aliyeisikia ni wewe, na ndiyo maana utaratibu wa kumsomea mteja oda yake kabla ya kukata simu haukuondolewa Mkaguzi alipoanza kazi, wala hautaondolewa.

Nani wa kuambiwa

Ukiona ANGALIA kwenye kumbukumbu inayohusu kitengo chako, mwambie kwanza msimamizi wa kitengo hicho, ikiwezekana kabla ya saa 3:00 asubuhi, kwa kuwa magari ya kwanza hupakiwa saa hiyo. Msimamizi ndiye mwenye ruhusa ya kurekebisha kumbukumbu au kuandika sababu ya kuiacha ilivyo. Tunasisitiza hiyo nafasi ya sababu. Katoni 44 zilizopokelewa kwa haki zinapaswa kubaki 44, na kuandikwa "nyongeza ya msambazaji, fidia ya mzigo ulioharibika". Kuzipunguza ziwe 40 ili alama iondoke ni kuharibu kumbukumbu iliyokuwa ya kweli. Ikumbukwe pia kwamba marekebisho ya asubuhi hayabadilishi ripoti iliyokwishatoka. Alama itaondoka katika ripoti ya kesho, kwa hiyo usiingize marekebisho mara ya pili kwa kudhani ya kwanza hayakukubali.

Ukiona HAIKUKAMILIKA, au ripoti haipo kabisa ifikapo saa 12:30 asubuhi, piga simu ya ndani namba 214, Dawati la Mifumo. Usisubiri mtu mwingine apige. Ripoti kukosekana si habari njema, na usiku ambao Mkaguzi hakufanya kazi ndio usiku tusioujua. Dawati lina mtu tangu saa 12:00 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Nje ya saa hizo, walinzi wa lango kuu wana namba ya mtu wa zamu na wameelekezwa kuipiga bila kuuliza sababu.

Ukihisi udanganyifu, iwe ni barua pepe ya aina tuliyoieleza au kumbukumbu iliyobadilika bila wewe kuigusa, usimjibu mtumaji, usifute ujumbe, na wala usijaribu kurekebisha kwanza. Mwambie Afisa wa Usalama wa Taarifa moja kwa moja kwa simu ya ndani namba 220. Hapa huhitaji kupitia kwa msimamizi wako, na hakuna atakayelaumiwa kwa taarifa iliyotolewa kwa nia njema hata ikibainika kwamba hapakuwa na tatizo.

Wenzetu wa usafi na wa zamu ya usiku wana ombi lao peke yao: mashine yenye lebo ya njano katika chumba cha seva isizimwe wala kuchomolewa kwenye umeme, hata kwa dakika chache, kati ya saa 6:00 usiku na saa 12:00 asubuhi. Ikiwa soketi inahitajika kwa kazi ya dharura, mtu wa zamu apigiwe kwanza.

Kanuni nazo si za kudumu milele. Kama kanuni fulani inaleta alama kila siku kwa jambo ambalo nyote kitengoni mnajua ni sahihi, mwambieni msimamizi wenu aiandikie Kitengo cha Mifumo, akitaja namba ya kanuni, kama K-07, na mifano miwili au mitatu ya kumbukumbu zilizowekewa alama. Alama za bure zikizidi, watu huacha kusoma ripoti, na sisi tungependa kuirekebisha kanuni mapema kabla hilo halijatokea. Badiliko lolote la kanuni huidhinishwa na mkuu wa kitengo kinachohusika, na hutangazwa juu ya ripoti siku tatu kabla ya kuanza kutumika.